Barua kwa Mama Rehema, miaka 40 ya ndoa yetu

Mwembesongo, Morogoro
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mke wangu mpenzi, Mama Rehema,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, mzazi na kichanga chake. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Dawa za presha nameza kama ulivyoniagiza, na Hamisi hapitishi siku bila kuja kunitazama. Mvua inanyesha usiku na mchana, lakini paa limeshika.

Najua utashangaa. Miaka yote hii sijawahi kukuandikia barua, maana ulikuwa hapa hapa, sauti yangu inakufikia. Simu ipo, na jana tumeongea. Ila kwenye simu wewe unaniuliza nimekula nini, mimi nakuuliza mtoto ananyonya vizuri, salio linakwisha. Haya ya leo hayasemeki kwa simu. Na ukiwa umekaa mbele yangu nimeshindwa kuyasema, sijui mara ngapi.

Ninaandika mwenyewe. Ukiona herufi zimelala ubavu, ni ule mkono wangu wa kulia unachoka haraka. Huu ni usiku wa nne niko juu ya karatasi hii. Ataileta Juma akija Dodoma Alhamisi. Usimpe Mwanaidi akusomee. Vaa miwani yako, kaa pembeni, soma taratibu.

Leo ndiyo tarehe yetu. Ilikuwa Jumapili, 15 Aprili 1984. Alhamisi ya wiki ile Waziri Mkuu Sokoine alikuwa amefariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, mkoani kwetu hapa hapa, na nchi nzima ilikuwa msibani. Marehemu baba yako akasema ndoa haiahirishwi, lakini ngoma hazipigwi. Ukaja kwangu bila ngoma wala vigelegele. Shangazi yako alikushika mkono mkaja usiku, kimya kimya, akakufikisha mlangoni akageuza. Nilikuonea huruma sana, bibi harusi wa miaka 19 kuingia nyumbani kwake kimya vile. Nikajiapia moyoni kwamba mambo yakitengemaa nitakufanyia sherehe yako. Sikuifanya, na wewe hukuniuliza hata siku moja.

Ulinikuta kwenye chumba kimoja cha kupanga, kitanda cha kamba na kibatari. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wenyewe wa yanga. Doti ya khanga niliyokupa niliisimamia foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, na wala sikuichagua, unapewa iliyopo. Ukaivaa mpaka ikachujuka, ukaikata ikawa nepi za Rehema, na kipande cha mwisho ukawa unaepulia sufuria. Kipande kile ninacho. Nimekihifadhi kwenye sanduku langu la bati, chini ya vyeti. Hukuwahi kujua.

Rehema wetu sitamwandika sana, mkono utakataa. Degedege ilimchukua usiku mmoja, ana miaka minne, na mimi nilikuwa zamu ya usiku kiwandani. Ulimbeba mgongoni peke yako mpaka hospitali na ukarudi naye vile vile mgongoni, umemfunga khanga, kwa sababu hukutaka mtu mwingine amshike kabla yangu. Asubuhi nilikukuta umekaa kizingitini naye. Ukaniambia, "Baba Rehema, mpokee mwanao." Baada ya arobaini watu wakaanza kukuita Mama Mwanaidi, nami nikafuata, nikidhani nakupunguzia uchungu. Usiku ukaniomba nikuite jina lako la kwanza angalau tukiwa wawili. Ndiyo maana leo nimeanza nalo.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka mwaka 1995, kiwanda kilipotupunguza. Miaka kumi na minne nimesimama kwenye mashine za kufuma, masikio yameanza kuziba kwa kelele, halafu karatasi moja. Kiinua mgongo kikawa cha njoo kesho. Mimi nikakaa. Wewe hukukaa. Uliazima chuma cha vitumbua kwa jirani, kile chenye vishimo saba, ukauza pete yako ukanunua mchele na nazi. Saa tisa usiku nasikia mchi kwenye kinu, pole pole, ili watoto wasiamke. Halafu harufu ya iliki. Halafu mlango. Ulikuwa unakwenda Msamvu peke yako gizani, ndoo kichwani na jiko mkononi, uwawahi abiria wa mabasi ya alfajiri.

Mama Rehema, sikuwa nimelala. Kila usiku nilikuwa macho. Nilikuwa nageukia ukutani kwa sababu niliona aibu wanaume wenzangu wa kiwandani wasije wakanikuta stendi nimebeba ndoo ya vitumbua. Mwaka mzima nilikuacha upite njia ile peke yako kwa ajili ya aibu yangu. Ninakuomba msamaha. Miaka 29 imepita na jambo hili halijapoa ndani yangu.

Na chakula. Ulikuwa unanipakulia mimi, unawapakulia watoto, halafu unasema, "Mimi nimeshaonja jikoni, nimeshiba." Nilikubali maneno hayo kwa sababu yalinifaa. Mpaka usiku mmoja, watoto wamelala, taa imezimwa, nikasikia kijiko kinakwangua sufuria. Unakwangua, unanyamaza, unasikiliza kama kuna aliyeamka, unakwangua tena. Ulikuwa unakula ukoko. Nikajua kwamba hukuwa umeonja chochote, si siku ile wala siku nyingine. Nilipaswa kunyanyuka nikakufuata jikoni. Nikavuta shuka nikajifunika kichwa. Sauti ya kijiko kile naisikia mpaka leo, na wiki hizi tatu ninapokwangua sufuria yangu mwenyewe humu ndani, naisikia zaidi.

Ndipo usiku wa pili nikakufuata. Hili hujui, unadhani nilitokea tu. Nilitoka nyuma yako nikitembea mbali mbali. Ulipofika kwenye mwembe ulitua ndoo, ukatua jiko, ukalishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu mwenye msokoto. Nikafikiri utakaa chini. Hukukaa. Ulifungua khanga, ukaikaza upya kiunoni ukapiga fundo, ukasema "Bismillah" kwa sauti niliyoisikia nilipokuwa, ukajitwisha. Nilisimama pale gizani nikalia. Halafu nikakimbia nikakufikia, nikashika ile ndoo. Ulinitazama tu. Nilitegemea utaniuliza nilikuwa wapi mwaka mzima. Ukasema, "Chukua jiko pia, mkaa usimwagike." Hayo tu. Tukatembea mpaka Msamvu bila neno, ukanionyesha pa kuweka mafiga, ukanifundisha kugeuza kitumbua kwa kijiti kisipasuke.

Watoto watatu wamesoma kwa chuma kile. Watu husema Baba Mwanaidi kasomesha. Nimekuwa nikiitikia, na sasa nimeanza kuwasahihisha.

Masika haya yananikumbusha mvua za El Nino, ukuta wa nyuma ulipoanguka usiku, mwanzoni mwa 1998. Tulisimama na watoto kwenye kona iliyobaki, turubai juu ya vichwa, wewe upande huu, mimi upande ule, mpaka kulipokucha. Asubuhi ukaenda kukanyaga udongo wa matofali ukiwa na ujauzito wa Hamisi. Kila nikipita ukuta ule naugusa. Matofali ya chini pale ni yako.

Kisha 2016, kiharusi. Nilidhani nimekwisha, na kwa kweli nilitamani iwe hivyo, maana niliona kazi niliyokuongezea. Uliniogesha, ulinilisha uji kwa kijiko ukiupuliza kwanza. Ulinipa mpira wa watoto niubane kwa mkono uliolala, asubuhi mara hamsini, jioni mara hamsini, unahesabu wewe. Nikikataa unakaa tu na mpira mkononi, unasubiri. Barua hii imeandikwa kwa mkono ule, Mama Rehema. Kila herufi humu wewe uliihesabu.

Tangu uondoke nimeona mambo ambayo sikuwa nayaona. Sikujua kwamba bomba linatoa maji saa kumi alfajiri tu, kwamba ndoo zote zile hujazwa na mtu. Sikujua kwamba kuku wako wanakuja ukiwaita kwa sauti fulani. Mimi nikiwaita wananitazama. Nalala upande wangu wa kitanda, siwezi kusogea katikati. Asubuhi nachemsha chai ya vikombe viwili, namwita Hamisi aje anywe cha pili.

Sikupi maneno haya ili uache kazi iliyokupeleka. Maliza arobaini ya Mwanaidi, mkande mwanangu vizuri, mshike mjukuu. Ila siku ya arobaini na moja usiongeze hata siku. Nimeagana na Juma, atakukatia tiketi ya basi la asubuhi ushuke Msamvu mchana, nami nitakuwa nimekusubiri. Mzigo nitabeba mimi.

Ile sherehe niliyojiapia nimeanza kuiwekea akiba kidogo kidogo. Nimezungumza na mdogo wako, nimezungumza na majirani. Ukifika ngoma itapigwa, na shangazi zako walio hai watakuja wapige vigelegele ambavyo hawakuvipiga mwaka ule. Doti ya khanga safari hii nimeichagua mwenyewe. Nimezunguka maduka ya sokoni siku mbili, nikasoma maandishi moja moja, wauzaji wakachoka na mimi. Sikuambii imeandikwa nini mpaka uivae.

Chuma cha vitumbua nimekisugua na kukipaka mafuta kisishike kutu na mvua hii. Kimetundikwa pale pale pako.

Na usiku ule utakaporudi, wageni wakishaondoka, nitapika mimi. Tutakula sahani moja, mimi na wewe, na nitakutazama mpaka ushibe. Usije ukaniambia umeonja jikoni.

Wako mumeo,
Baba Rehema