Semina ya bure mtandaoni: Kuanza biashara ya kuku na vifaranga 100, Jumamosi 18 Aprili 2026

Ndugu zangu, habari za majukumu.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Nina mtaji kidogo, nijenge banda la ukubwa gani?" Namjibu kwa swali: kuku wako atanunuliwa na nani? Wengi hapo hunyamaza. Kwa ajili yao, na kwa ajili yako unayewaza kuanza, nimeandaa semina ya bure ya kuku wa nyama. Unaifuata kwenye simu yako ukiwa nyumbani.

Ni Jumamosi tarehe 18 Aprili 2026, saa 2:00 usiku hadi saa 3:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kupitia Zoom. Nimechagua usiku makusudi, ili mama lishe awe ameshafunga kazi na mwenye vifaranga awe ameshawawekea maji.

Mimi nafugia Kibaha, Mkoa wa Pwani. Nilianza mwaka 2017 na vifaranga 200 vya siku moja, banda likinuka mbao mpya, na mnunuzi sina. Usiku wa tatu mvua ilinyesha, mkaa kwenye jiko ukazimika nikiwa nimelala. Alfajiri niliwakuta wamerundikana kwenye kona moja, wa juu wakilia, wa chini wamelaliwa. Nilitoa 63 waliokufa, mmoja mmoja, nikiwatia kwenye ndoo. Waliobaki walipokomaa, nilizunguka nao wiki mbili nzima nikitafuta wateja, na kila siku wanakula. Sitaki upitie njia hiyo, hasa ukianza masika hii.

Kwa hiyo tutaanza na hesabu kabla ya banda. Chukua mfano huu: kuku mmoja wa nyama hula takribani kilo 3.5 za chakula hadi wiki ya tano. Kuku 100 ni kilo 350, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Uliza bei ya mfuko hapo ulipo, zidisha kwa 7, kisha ongeza vifaranga, maranda, mkaa, chanjo na nauli. Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya mtaji, na anayeishiwa hela ya chakula wiki ya nne huuza kuku wadogo kwa bei ya dalali. Siku hiyo uwe na daftari na kalamu, tutapiga hesabu yako pamoja, na bei za mkoani kwako.

Sehemu ndefu zaidi itakuwa ya wiki mbili za kwanza. Nitawaonyesha bruda yangu moja kwa moja kwa kamera: duara la hadibodi lisilo na kona, maranda makavu, joto la nyuzi 32 hadi 35 kwa siku za mwanzo. Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe husema. Wakijikusanya karibu na jiko, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi, joto limezidi. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiwake ndani ya banda lililozibwa pande zote. Moshi huua kuku, na wewe pia.

Tutazungumzia chanjo ya kideri na ya gumboro. Wafugaji wengi hufuata siku ya 7, 14, 21 na 28, lakini ratiba ya eneo lako kaithibitishe kwa afisa mifugo wa kata. Kinachoharibu chanjo mara nyingi ni namna ya kuitumia: imesafirishwa bila barafu, au imechanganywa na maji ya bomba yenye klorini. Tutagusa pia kuhara damu, ambako huja maranda yakilowa, na nafasi bandani: kuku 10 wakubwa kwa mita moja ya mraba wasizidi.

Nusu saa ya mwisho ni maswali. Wanaotaka kienyeji, chotara au wa mayai karibuni pia, ingawa wa mayai mjue mtalisha karibu miezi mitano kabla ya trei ya kwanza.

Kujisajili: andika hapa chini neno KUKU, mkoa wako na idadi ya kuku unaotaka kuanza nao. Mfano: KUKU, Morogoro, 50. Nitakutumia kiungo cha kuingilia kwa ujumbe wa faragha. Mwisho ni Alhamisi 16 Aprili, saa 12:00 jioni. Chumba kinabeba watu 100, wa kwanza kuandika ndio watakaoingia. Hakuna kiingilio, na simtumi mtu yeyote kukusanya hela kwa jina langu, akikuomba, usimpe.

Ukikosa nafasi au bando likikata katikati, niandikie, nitakutumia rekodi Jumapili.