YAH: NOTISI YA KUSITISHA MKATABA WA UGAVI WA VIAZI MVIRINGO KWA SABABU YA KUCHELEWESHA MALIPO MARA KWA MARA

Kikundi cha Wakulima wa Viazi Mviringo,
Ilembo, Umalila,
MBEYA.

15 Desemba 2025

Kwa: Mkurugenzi,
Kiwanda cha Krispi za Viazi,
Eneo la Viwanda Iyunga,
JIJI LA MBEYA.

Inaletwa kwa mkono na kusainiwa kwenye daftari la kupokelea barua.

Ndugu Mkurugenzi,

Rejea kichwa cha habari hapo juu, pamoja na Mkataba wa Ugavi tuliousaini tarehe 20 Januari 2025 (“Mkataba”) na barua yetu ya onyo ya tarehe 24 Novemba 2025.

Kwa barua hii tunakupa notisi ya siku 30, kwa mujibu wa kifungu cha 12.2 cha Mkataba, kwamba tunausitisha. Siku zinaanza kuhesabiwa leo, na Mkataba utakoma tarehe 14 Januari 2026. Wanachama walipiga kura kwenye mkutano wa Jumamosi iliyopita. Uamuzi haukuwa mwepesi, maana kiwanda chako ndicho kilichotufundisha kuchambua Sagita kwa ukubwa badala ya kujaza gunia ovyo. Lakini umepitishwa.

Kifungu cha 6.1 kinasema kila ankara italipwa ndani ya siku 14. Kifungu cha 6.2 kinautaja muda huo kuwa sharti la msingi. Tuliyaweka maneno hayo makusudi, kwa sababu chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, muda wa malipo hauhesabiwi kuwa sharti la msingi mpaka mkataba wenyewe uonyeshe hivyo. Wetu unaonyesha. Kifungu cha 12.2 kinaongeza kwamba ucheleweshaji mara tatu ndani ya miezi 12, ukifuatiwa na onyo la maandishi la siku 14 lisilotekelezwa, unatupa haki ya kusitisha. Hali ilivyo ni hii:

Ankara Na. 11 ya shilingi 6,400,000 ilipaswa kulipwa 15 Julai. Ililipwa 9 Agosti, siku 25 baadaye.

Ankara Na. 14, kiasi hicho hicho, ilipaswa kulipwa 26 Agosti. Ililipwa 6 Oktoba, siku 41 baadaye.

Ankara Na. 17, kiasi hicho hicho, ilipaswa kulipwa 7 Oktoba. Ililipwa vipande viwili: 3,000,000 tarehe 12 Novemba (siku 36) na 3,400,000 tarehe 2 Desemba (siku 56).

Ankara Na. 20, iliyopaswa kulipwa 18 Novemba, na Na. 21, iliyopaswa kulipwa 2 Desemba, kila moja 6,400,000, hazijalipwa hata senti.

Ankara Na. 22 inaiva kesho, hivyo hatuihesabu kama kosa.

Onyo letu lilikwisha muda tarehe 8 Desemba. Jibu tulilopata ni simu ya mhasibu wako kwamba wenye maduka Dar es Salaam nao hawajakulipa. Tunakuamini, na biashara tunaijua ilivyo. Ila kifungu cha 6.6 kimeeleza wazi kuwa malipo yetu hayasubiri wateja wako wakulipe, na wanachama 34 wa Umalila hawana mkataba na duka lolote la Dar es Salaam.

Naomba nikueleze Jumanne ya 18 Novemba, kwa kuwa huenda hukuambiwa. Fuso letu liliteremka kutoka Ilembo usiku kwenye utelezi, likapita Mbalizi alfajiri, likafika getini kwako saa moja asubuhi likiwa na magunia 40 ya kilo 100, yaliyopimwa, hakuna lumbesa hata moja. Mizigo ilishushwa vizuri na hati ya kupokelea ikasainiwa. Katibu wetu akabaki kufuatilia fedha. Alikaa kwenye benchi la mlinzi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, akaambiwa mwenye kusaini hundi yuko safarini. Akapanda daladala kurudi Mbalizi kuomba duka la pembejeo lituongezee siku za kulipa mbolea ya kupandia. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Mwenye duka alikubali mifuko minane tu, na baadhi ya mashamba yamepandwa bila mbolea. Hasara hiyo hatujaiweka kwenye hesabu ya hapa chini, lakini haki ya kuidai chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hatujaiacha.

Kuna hoja ambayo mwanasheria wako anaweza kuileta, kwamba tulipokea malipo ya Julai na Agosti yakiwa yamechelewa bila kulalamika, kwa hiyo tuliridhia. Hatukuridhia. Kifungu cha 15.3 kinasema kupokea malipo yaliyochelewa hakuondoi haki yetu, na kila mara tuliandika kwenye risiti “yamepokelewa yakiwa yamechelewa”. Nakala unazo.

Kuhusu ubora, tulirudishiwa mara moja tu magunia matatu yaliyoanza kuchipua, tarehe 14 Oktoba, na tulileta mengine siku ya pili. Hatujui dai jingine.

Kwa sasa, ankara mbili zilizochelewa ni shilingi 12,800,000. Riba ya kifungu cha 6.3, asilimia 2 kwa mwezi ikihesabiwa kwa siku, imefikia 651,200 hadi leo kwa ankara zote tano nilizozitaja. Jumla ni 13,451,200, na kila siku inayopita inaongeza 8,533. Mchanganuo umeambatishwa. Tunaomba ulipe kwenye akaunti ile ile iliyo katika Jedwali B kabla ya tarehe 31 Desemba 2025. Ankara Na. 22 nayo ilipwe kwa wakati wake.

Ugavi tuliusimamisha tangu 9 Desemba chini ya kifungu cha 6.4. Ndani ya muda wa notisi tuko tayari kukuletea mzigo ili mashine zako zisisimame wakati wa sikukuu, kwa masharti mawili: fedha ziingie kabla lori halijaondoka Ilembo, na oda itufikie siku tatu kabla. Malipo ya mizigo hiyo hayatafuta notisi hii.

Kuanzia 15 Januari 2026 kifungu cha 3, kinachotuzuia kumuuzia mwingine viazi vya daraja la kwanza, hakitatufunga tena. Mizani yetu ya kilo 300 na chaga 12 za mbao zilizo ghalani kwako tutazifuata tarehe hiyo hiyo saa tatu asubuhi. Mizani ile mguu mmoja umelegea, tafadhali isiburuzwe.

Ukipenda tuzungumze kuhusu deni, kifungu cha 14 kinatupa siku 14 za majadiliano kabla ya yeyote kwenda mahakamani hapa Mbeya. Tutakuja na daftari letu, nawe uje na mtu mwenye mamlaka ya kusaini. Mazungumzo hayo yatahusu namna ya kulipa, siyo kurudisha Mkataba.

Wako mwaminifu,

Mwenyekiti wa Kikundi
(saini na mhuri)

Viambatisho: mchanganuo wa riba, ankara Na. 11, 14, 17, 20 na 21. Nakala ya onyo la 24 Novemba 2025.

Nakala: Katibu na Mweka Hazina wa Kikundi, Mhasibu wa Kiwanda.