Kusoma prufu nyaraka za kisheria bila kugeuka wakili

Mdogo wangu, salamu.

Umeniuliza uanzie wapi kazi ya kusoma prufu nyaraka za kisheria kwa malipo. Anzia kwa mawakili, usianze na mtu aliyeshika mkataba wake mkononi. Wakili akikupa rasimu, maudhui ni yake na jina lake ndilo litakaloandikwa pale chini kama mwandaaji. Wewe unasoma prufu tu. Mwenye mkataba wake hatakuomba nukta na mkato. Anataka kujua kama ataliwa. Nawe mwaka wa tatu huu, kichwa kimejaa sheria ya mikataba, ulimi utawasha.

Sheria ya Mawakili ya Tanzania, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Kwa hiyo usiandike kifungu kipya hata kimoja, hata ukiombwa kwa upole.

Mpaka kati ya kusahihisha na kushauri huwa hivi. Mkataba wa pango: kifungu cha 7 kinasema notisi ni siku 30, cha 14 kinasema siku 60. Pembeni unaandika: “Vifungu 7 na 14 vinatofautiana. Tafadhali thibitisha.” Basi. Ukiandika “weka 60, inamlinda zaidi mpangaji,” umeshavuka. Vivyo hivyo “mpangaji” palipostahili “mpangishaji”: unauliza, hurekebishi kimyakimya. Tahajia, namba za vifungu zilizoruka, jina la mtu lililoandikwa namna mbili, tarakimu isiyolingana na maneno, hizo ndizo zako.

Mimi niliwahi kubadilisha “au” kuwa “na” kwa sababu sentensi ilisomeka vizuri zaidi. Wakili alinipigia saa nne usiku. Masharti mawili yaliyokuwa ya hiari yamegeuka ya lazima yote! Tangu siku hiyo siigusi “au”, na kila badiliko linapita kwenye Track Changes ya Word.

Kabla ya kazi, tuma ujumbe mfupi: “Nasahihisha lugha na mpangilio. Sitoi ushauri wa kisheria wala siandai nyaraka. Nitatunza siri ya waraka na kuufuta baada ya kukabidhi.” Mteja akiuliza “kwani hapa niko salama?”, jibu “hilo muulize wakili wako,” hata kama jibu unalijua. Hasa kama unalijua.

Bei, toza kwa ukurasa. Mimi nilianza na shilingi 2,000, ndogo mno, nikapandisha baada ya miezi miwili. Usikubali asilimia ya thamani ya mkataba.

Kiswahili chako ndio mtaji. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yakifanye kuwa lugha ya mahakama, mawakili waliosomea Kiingereza wanahangaika na rasimu zao. Ofisi uliyofanyia mafunzo kwa vitendo inakujua. Wapelekee kurasa mbili ulizosahihisha, za waraka uliojitungia mwenyewe. Za mteja usimwonyeshe mtu.

Ukipata kazi ya kwanza nitumie ule ujumbe wako wa masharti kabla hujaupeleka, niupitie.