Alama ya Sijda

Baba alikuwa na alama ya sijda. Weusi kidogo katikati ya paji la uso, ukubwa wa kifungo cha kanzu. Nilipokuwa mdogo akinibeba nilikuwa naigusagusa kwa kidole, anacheka tu.

Idd ya mwisho tuliyokula naye nilitoka Dar nikaenda nyumbani Tanga, tukapiga picha pale mlangoni kwetu Ngamiani barabara ya 12, yeye na kanzu yake mimi na dera jipya. Usiku kitandani nikaifanyia kazi kama kawaida yangu, ngozi nikailainisha, weupe nikaongeza, kiuno nikakibana, na ile mikunjo miwili katikati ya nyusi ambayo siipendi toka niko fomu tuu nikaifuta. Dakika arobaini nzima. Nikaposti, laiki zikapita 300, halafu orijino nikaifuta maana simu ilikuwa imejaa hadi meseji zinagoma kuingia.

Mwezi wa nane baba akafariki.

Baada ya arobaini mama akaniomba nimsafishie picha moja ya baba aitundike sebuleni, nikasafisha ile ya Idd, kubwa, nikaitia fremu. Mama akaipokea, akavaa miwani, akasogea nayo dirishani. Akakaa kimya sana.

"Zuu, mbona sijda ya baba yako haipo?"

Nikaangalia. Kweli haipo. Ile apu ukivuta ngozi ilainike haijui nani ni nani, inalainisha kila sura inayoiona, na mimi usiku ule sikumwangalia baba hata mara moja, nilikuwa najiangalia mimi. Paji lake lilikuwa jeupe, tupu, kama la mtu ambaye hajawahi kuswali. Na nyuma yetu fremu ya mlango pale usawa wa kiuno changu imepinda. Mlango alioutengeneza yeye kwa mikono yake.

Orijino nimeitafuta jamani. Kwenye zilizofutwa zinakaa siku 30 tu kwenye simu yangu, zilishapita. Watu wote niliowatumia niliwatumia ile ile.

Basi nikaacha. Sikumtangazia mtu, nilifuta zile apu zote tatu, nikaingia kwenye kamera nikazima na ule urembo unaokuja umeshawashwa, nikaposti selfi ya asubuhi nikiwa dukani. Laiki 74. Mtu akaniuliza inboksi kama naumwa. Shoga yangu tunayekaa naye chumba akasema, "Zuu weka hata filta kidogo bwana, watu wataona umechoka." Na kweli nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimefungua duka saa kumi na mbili. Wiki mbili za mwanzo ziliniuma, siwezi kudanganya, nilikuwa naposti halafu nageuza simu kifudifudi nisione.

Kitu cha kwanza kilichobadilika nilikiona dukani. Nauza madera Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na huwa nayavaa mwenyewe nayaposti. Zamani wateja wa mikoani walikuwa wananirudishia mizigo, dada nimeona pichi limekuja la machungwa, na mimi nagombana nao kumbe nikijing'arisha mimi na kitambaa nacho kinang'aa rangi inahama. Sasa hivi mtu anapokea alichokiona. Magomvi yale yamekwisha.

Cha pili sijui nikielezeje. Nikitazama picha zangu siku hizi naona na vitu vingine, dada wa chai aliyepita nyuma, mtoto wa jirani kanishika dera, nywele za mama zilivyokuwa nyeupe. Zamani nilikuwa naona pua.

Idd ya juzi nikaenda tena Tanga. Tukapiga picha pale pale mlangoni, mimi na mama, jua linatupiga machoni. Nikaiposti palepale kibarazani halafu nikampa mama simu aone.

Akavaa miwani. Akavuta picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, nikajua anajitazama yeye, kumbe ananivuta mimi, anaileta sura yangu karibu hadi ikajaa skrini nzima, hapo katikati ya nyusi. Jua lilikuwa limenikunjisha.

"Unaona hapa," akaniwekea ukucha juu ya ile mikunjo miwili. "Baba yako akisoma gazeti alikuwa anakunja hivi hivi."

Sikujua. Miaka yote ile nilijua alama yake ni ile moja tu.

Mama hakunirudishia simu. Akaendelea kuangalia mpaka skrini ikazima yenyewe, akaninyooshea.

"Niwashie tena, mwanangu."