Weye mwenye kusoma, inama

Karibu. Weye, ndiyo weye, usigeuke nyuma hakuna mutu,
vuta kiti, kama kiti hakuna kaa juu ya bidoni, ile ya njano, iko tupu,
sikuombi feza, sikuombi machozi, naomba usome tu,
na kusoma haivunjake mutu mugongo.

Mayi utakunywa? Chukua kopo.
Iko na harufu ya klore kidogo, usiogope, leo asubuhi kule kwa ziwa mama moya mwenye kuvaa jile
alipiga ile bidoni sirenji ya dawa, vile banapigaka mutoto chanjo,
akasema ngojeni dakika 30 ndipo munywe.
Dakika zimeisha. Kunywa, polepole, iko baridi.

Umekunywa?
Basi niambie nani aliileta.

Ona. Umekaa juu ya bidoni yake, umekunywa mayi yake, umesoma mpaka hapa,
haukuuliza.
Na ziwa Kivu haipandake yenyewe, ziwa iko chini sisi tuko juu,
kati yetu ni mupando wa mawe ya volkano yenye kukula kandambili mpaka unasikia njia na kisigino
(najua, washairi bote banapenda volkano, mie imenichosha, lakini hapa hata ukuta wa choo ni volkano, nitaikwepa namna gani).

Saa kumi na moja alfajiri alishuka. Ana miaka tisa.
Jina sikupatie, ukilipata utasema maskini fulani, utalala vizuri.
Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, kamba inapita kwa paji la uso, shingo inanyooka mbele kama ya kuku anakimbizwa,
kifuniko kilipoteaka zamani, ameziba na sashe, amekaza na mupira,
kila hatua sashe inalia kidogo, pf, pf, na mayi inashuka kwa mugongo, shati inamukamata.
Soma polepole basi. Ukiruka mustari yeye haruki,
weye unapitisha kidole ukifika mwisho, yeye angali Katindo.

Utasema mie siko wa Goma.
Utasema niko Dar, niko Mombasa, niko Braseli kwa baridi, inanihusu wapi.
Sawa. Na kwenu nani anapandisha mayi?
Yule mwenye alikuambia 300, ukamwambia 200, ukaona umeshinda,
ukacheka na mwenzako, ukamuita kadogo, haukuona paji la uso lina mustari kama mutu alikunja kitabu.

Unajua mazuku? Wa Goma anyamaze, namwambia mugeni:
ni hewa inatoka chini ya mawe, haina rangi, nzito kuliko hii tunapumua,
usiku kama upepo hauko inalala kwa mashimo, inajaa polepole kama mayi kwa besheni.
Mukubwa anapita amesimama, kichwa iko juu, anasema hapa hakuna kitu.
Mbuzi inaanguka.
Mutoto anainama kuokota mupira, anaanguka, na mukubwa angali anasema hapa hakuna kitu,
na hadanganyi, ule mukubwa, kwa urefu wake kweli hakuna kitu.

Weye unanisoma umesimama.
Na mie nilikuandika nimesimama, usizani najitoa,
juzi nilimupita kwa mupando, mikono mitupu, nilikuwa natafuta neno litakaloenda na "ziwa",
nikalipata, nikafurahi, nikafika nyumbani mbele yake.
Hii kopo unashika ni mie nilimulipa. 200.

Kwa hiyo sikuitie uingie tena, uliisha kuingia, tangu lile neno la kwanza.
Nakuitia uiname.
Si kwa kusali. Inama vile mutu anainamaka kufunga kamba ya kiatu,
mpaka masikio yako yafike kwa urefu wa miaka tisa, ukae hapo, usikilize.
Pf. Pf.
Umesikia?

Leo alijaza bidoni mbili. Moya ile tumekunywa.
Ya pili ilimushinda, ameiacha njiani, juu ya lile jiwe kubwa lilishukaka 2002, yeye hakuwa hata kwa tumbo,
akasema atarudi, lakini amelala hapa kwa mukeka, nyuma yako, mudomo wazi, kamba angali anaishika.
Nilikuambia hakuna mutu nyuma. Nilikudanganya.

Usimuamushe.
Ukitoka shika mukono wa kushoto, teremuka, si mbali,
utaiona, ya njano, imezibwa na sashe nyeusi,
na ukiibeba usikazane na sashe sana, imetoboka kwa pembe.