Shilingi Mia Mbili za Bibi wa Nyanya

Jumatano, siku ya gulio, mwalimu wa hisabati alilitoa Darasa la Tano nje bila madaftari. Walisimama kando ya meza ya bibi muuza nyanya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu. Mnanunua au mnanikagua?"

Mkusanya ushuru alifika. Bibi akafungua fundo la khanga, akatoa sarafu ya mia mbili, akapewa stakabadhi. Akaikunja mara nne na kuirudisha fundoni.

"Mwalimu, si anamwonea?" Neema alinong'ona. "Hata nyanya hajauza!"

Mwalimu hakujibu. Akawatuma wahesabu meza. Waligombana kidogo, maana Juma alihesabu na ya muuza kahawa mwenye kibao tu, lakini walikubaliana: 45.

"Mara mia mbili?"

"Elfu tisa!"

"Na magulio manne kwa mwezi?"

Kimya. Vidole vikaandika vumbini. "Elfu thelathini na sita."

Akawapeleka kisimani. Mwezi uliopita mpini wa pampu ulikuwa ukipanda na kushuka bure, na watoto hawa hawa waliamka alfajiri kwenda mtoni. Ubaoni pa ofisi ya kijiji, jirani na kisima, kulibandikwa mapato na matumizi. Neema alisoma kwa sauti: "Mpira wa pampu, 15,000. Fundi, 20,000."

"Imebaki elfu moja," Juma akasema. "Iko wapi?"

Mwalimu akacheka. "Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Mwambie baba yako akaulize."