Jedwali la Utekelezaji wa Maazimio: Kikao cha Kamati ya BMU, 14 Januari 2025

Kamati ya BMU ya mwalo wetu, Manispaa ya Ilemela, Mwanza. Kikao kilifanyika Jumanne, saa 4:00 asubuhi, kwenye banda la mnada. Akidi ilitimia. Mbalamwezi imeshika na mitumbwi ya dagaa iko nchi kavu, kwa hiyo matajiri na wavuvi walikuwepo wote. Tarehe nyingi za mwisho hapa chini zimepangwa kwa kufuata giza, kwa sababu wakati wa giza wahusika wengi huwa ziwani usiku na mchana wamelala.

Jedwali limejazwa kabla kikao hakijafungwa na kusomwa kwa sauti. Kila mhusika alitamka mwenyewe kwamba ameipokea kazi yake. Kuanzia kikao hiki, neno "kamati" haliandikwi tena kwenye safu ya mhusika. Azimio 11/4 la jaketi okozi liliandikwa hivyo likalala vikao viwili, kila mjumbe akidhani mwenzake analishughulikia. Wasaidizi wanaruhusiwa, ila anayeulizwa ni mmoja.

Tarehe ikisogezwa, ya zamani inabaki. Namba ya kwanza ni ya kikao, ya pili ni ya azimio.

A. Yatokanayo na vikao vilivyopita

| Na. | Kazi | Mhusika | Mwisho | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 11/4 | Kukagua jaketi okozi mtumbwi kwa mtumbwi: kila mtu anayeingia ziwani awe na yake, nzima. | Mwenyekiti wa Doria (awali: kamati) | 15 Desemba 2024, 31 Desemba 2024, sasa 24 Januari 2025 | Inaendelea. Mitumbwi 34 kati ya 46 imekaguliwa. Iliyokamilika ni 19. Tazama maelezo chini. |
| 12/1 | Kuandika upya ubao wa vipimo: sangara chini ya sm 50 na sato chini ya sm 25 hawapokelewi mwaloni. | Katibu Msaidizi | 31 Desemba 2024 | Imekamilika. |
| 12/2 | Kuweka komeo kwenye mlango wa choo cha wanawake. | Mjumbe wa Afya na Usafi | 24 Desemba 2024 | Imekamilika. Komeo sh 6,500, risiti iko kwenye jalada. |
| 12/3 | Kuwaomba Wakala wa Vipimo waje kuhakiki mizani ya mnada. | Katibu | 10 Januari 2025. Sasa 31 Januari 2025 | Inaendelea. Barua imepelekwa kwa mkono na nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa. Tunasubiri siku ya kuja. |
| 12/5 | Kumkabidhi Afisa Uvuvi nyavu za timba marobota manne yaliyokamatwa, kwa orodha yenye saini mbili. | Mtunza Stoo | 3 Januari 2025. Sasa 17 Januari 2025 | Imekwama. Stoo ina marobota manne, daftari la doria linasema matano. Mwenyekiti wa Doria na Mtunza Stoo watahesabu pamoja tarehe 15 Januari, Mtendaji wa Mtaa akishuhudia. Hakuna robota litakalotoka stoo kabla ya hapo. |

B. Maazimio ya kikao hiki

| Na. | Kazi | Mhusika | Mwisho | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 13/1 | Kukarabati vichanja vya dagaa: kubadilisha mirunda iliyoliwa na mchwa na kutandika nyavu za dagaa zilizostaafu lakini hazijachanika. Vianze vya upande wa mkondo wa maji ya mvua. | Mwakilishi wa Wakaushaji | Mirunda 7 Februari 2025. Vichanja vyote 28 Februari 2025 | Haijaanza. Fedha sh 280,000 imepitishwa. Kazi iishe kabla ya masika. Mvua ikikuta dagaa mchangani, wanaoza au wanaokotwa wakiwa na mchanga, na bei inashuka hadi ya chakula cha kuku. |
| 13/2 | Ndoo moja ya kupimia dagaa, yenye alama ya rangi pande zote mbili, ikae kwa msimamizi wa mnada. Ndoo zilizopanuliwa ziondolewe. | Mwakilishi wa Wachuuzi | 22 Januari 2025, kabla giza halijaanza | Haijaanza. Akina mama wameilalamikia ndoo kubwa muda mrefu, na kikao kimekubali wana haki. |
| 13/3 | Kuandika ubaoni kila siku, kabla ya saa 10 jioni, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria. | Katibu Msaidizi | Kuanzia 15 Januari 2025 | Inaanza kesho. Asipokuwepo, amwachie chaki Mtunza Stoo na amjulishe Katibu. |
| 13/4 | Kuondoa gugumaji gatini. | Mjumbe wa Afya na Usafi | 18 Januari 2025 | Haijaanza. Rundo litupwe mbali na maji. |
| 13/5 | Kubandika ubaoni mapato na matumizi ya Desemba pamoja na hati za benki. | Mweka Hazina | 20 Januari 2025 | Haijaanza. |

Maelezo ya Katibu juu ya 11/4

Ukaguzi umeonyesha kwamba tatizo si kukosa jaketi peke yake. Mitumbwi kadhaa ilihesabiwa kuwa nazo, lakini jaketi ziko nyumbani kwa tajiri, ndani ya gunia, kwa hofu ya kuibiwa. Nyingine zimelaliwa mpaka povu la ndani limekatika vipande. Moja mikanda yake imekatwa ikafungia dumu la mafuta. Kikao kimeamua kwamba jaketi ya namna hiyo isihesabiwe kabisa, hata kama inaonekana mpya kwa mbali. Jaketi isiyofungika kifuani humvuka mtu kichwani akishaanguka majini.

Juu ya wizi, hoja ya matajiri imesikilizwa na imepewa jibu la kutekelezeka: kila jaketi iandikwe kwa rangi namba ya usajili wa mtumbwi, mgongoni na kifuani. Mtunza Stoo atatoa rangi na brashi bila malipo hadi tarehe 22 Januari. Jaketi yenye namba haiuziki kwenye mwalo wa jirani, kwa kuwa BMU zote zinazosoma namba hizo zitajua ilikotoka.

Mitumbwi 12 ambayo haijakaguliwa ikaguliwe ikiwa bado nchi kavu. Kuanzia giza hili, doria itasimama gatini saa 11 jioni, na mtumbwi wenye watu wanne na jaketi tatu utashusha mmoja. Tajiri mmoja aliuliza kama hiyo si kumnyima kijana riziki ya usiku huo. Mwenyekiti alimjibu kwamba kijana atakayeshushwa alipwe posho yake na tajiri ambaye hakununua jaketi, na wavuvi waliokuwepo waliliunga mkono hilo kwa kunyoosha mikono. Limeingizwa kwenye muhtasari kama azimio. Naomba lisomwe kwa wavuvi wote kwenye mnada wa kwanza, maana wengi waliokuwa nje ya banda hawakulisikia, na ni wao linawahusu.

Orodha ya mitumbwi 15 iliyokaguliwa na kukutwa na upungufu imebandikwa ubaoni kwa namba za usajili tu, bila majina ya watu. Atakayekamilisha amwone Mwenyekiti wa Doria ili namba yake ifutwe siku hiyohiyo.

Kazi ikikwama kabla ya tarehe yake, mhusika amwambie Katibu mapema, asisubiri kikao. Kikao kijacho ni Alhamisi 13 Februari 2025, saa 4:00 asubuhi, na kitaanza na jedwali hili kabla ya ajenda nyingine.

Limesomwa na kukubaliwa na wajumbe. Limesainiwa na Mwenyekiti na Katibu, 14 Januari 2025.

Nakala: Afisa Uvuvi wa Kata, Mtendaji wa Mtaa, ubao wa mwalo, jalada.